Slaidi moja ya ratiba kwa madarasa mawili na ofisi: jedwali chini, maumbo juu

Kazi ninayoizungumzia ni ya madarasa mawili na ofisi ya walimu katika shule ya msingi moja mkoani Morogoro, iliyojengwa kwa fosi akaunti. Tulipanga kuanza Jumatatu, Agosti 5, 2024, na tukapewa wiki 16. Mimi nilikuwa msimamizi, na ratiba ilikuwa juu yangu.

Ratiba ya kazi kama hii inasomwa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mwalimu mkuu, fundi mkuu, seremala, na injinia wa halmashauri anayepita mara mojamoja. Hakuna hata mmoja wao atakayefungua faili la programu maalumu ya ratiba. Wanachohitaji ni karatasi moja ukutani mwa ofisi ya mwalimu mkuu na picha moja kwenye kundi la WhatsApp. Ndiyo maana niliichora PowerPoint, ambayo ipo kwenye kompyuta ya shule na pale stationery tunapochapisha.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kutumia jedwali peke yake: kila safu wima ni wiki, kila mstari ni kazi, na unapaka rangi visanduku vya wiki ambazo kazi inafanyika. Ya pili ni kuchora mistatili na kuipanga juu ya slaidi. Nimezitumia zote mbili, na jedwali tupu lina sifa moja kubwa, kwamba rangi haiwezi kuhama. Mtu yeyote anaweza kubadili kisanduku hata kwa simu, na hakuna kitakachopinda. Kama kazi zako zote zinaanza Jumatatu na kuisha Jumamosi, usijisumbue na zaidi ya hapo.

Ujenzi lakini hauendi hivyo. Kwenye kazi yetu jamvi lilipangwa kuanza Ijumaa ya wiki ya tatu na kumalizika Jumamosi ya wiki ya nne. Ukipaka visanduku viwili vizima, umeandika siku 12 mahali penye siku 8. Fundi mkuu akiisoma, anaona ana siku nne zaidi ya alizokubaliana nawe, na atazitumia. Kwa hiyo nilichanganya: jedwali likabeba majina ya kazi, miezi na wiki, na mistatili ikabeba siku. Ili vitu hivyo viwili visipishane, kila kitu lazima kitoke kwenye namba moja, yaani siku moja ya kazi ina upana gani kwenye slaidi.

Slaidi ya kawaida ya uwiano wa 16:9 ina upana wa sentimita 33.87 na urefu wa 19.05. Tulifanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, kwa hiyo wiki ina siku sita. Nikaamua siku moja iwe sentimita 0.25. Wiki inakuwa 1.5, na wiki 16 zinakuwa 24 kamili. Ukiacha sentimita 1 pembeni kushoto, na sentimita 7.8 za safu ya majina ya kazi, siku ya kwanza inaanzia sentimita 8.8 kutoka ukingo wa kushoto, na jedwali linaishia 32.8. Pembeni kulia inabaki sentimita moja na kidogo. Ningekuwa na wiki 12 ningechukua 0.35 kwa siku na safu ya majina ya 6.6. Usikubali namba ya ajabu kama 0.31, kwa sababu utaizidisha kichwani kila mara ratiba inapobadilika, tena mara nyingine umesimama kwenye mchanga na watu wanakusubiri.

Kompyuta nyingine huonyesha inchi badala ya sentimita kwa sababu ya mpangilio wa Windows. Haina haja ya kubadili chochote. Ukiandika `1.5 cm` kwenye kisanduku cha kipimo, PowerPoint inaelewa na kubadilisha yenyewe.

Jedwali lilikuwa na safu wima 17 na mistari 14. Mistari miwili ya juu ni ya miezi na wiki, na 12 iliyobaki ni ya kazi. Ukibofya `Insert` kisha `Table`, vile visanduku vya kuburuta havifiki 17, kwa hiyo chagua `Insert Table...` hapo chini yake na uandike namba. Baada ya hapo nenda `Table Design` uchague mtindo wa `No Style, Table Grid`, kwa sababu rangi za kupokezana za mitindo mingine zitapigana na mistatili yako. Mstari wa juu niliunganisha visanduku kwa `Merge Cells`: Agosti wiki nne, Septemba tano, Oktoba nne, Novemba tatu. Mstari wa pili niliandika tarehe ya Jumatatu ya kila wiki: 5, 12, 19, 26, 2, 9, na kuendelea. Fundi hajui "wiki ya saba" ni lini, ila anajua Jumatatu ya tarehe 16.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama bila kujua sababu. Nilitaka kila mstari wa kazi uwe na urefu wa sentimita 1.0 kamili. Unaandika 1.0 kwenye `Table Layout`, unabonyeza Enter, na mstari unakataa, unabaki kwenye 1.03 hivi. Sababu ni kwamba kisanduku kisicho na maandishi bado kina ukubwa wa herufi ndani yake, kwa kawaida 18, na mstari hauwezi kuwa mfupi kuliko herufi hiyo pamoja na nafasi ya juu na chini yake. Tofauti ya 0.03 ni ndogo kwa macho, lakini kwenye mistari 14 inakuwa 0.42, karibu nusu mstari. Mstatili wa kuchimba msingi unakaa sawasawa, na ule wa rangi unaning'inia kati ya kazi mbili. Mtu anafikiri amekosea kupanga mistatili, anaanza kuisogeza mmojammoja kwa macho, na kuanzia hapo hakuna namba inayoaminika tena.

Dawa yake ni kuchagua jedwali lote kwa kubofya ukingo wake, si kisanduku kimoja, kisha kuweka ukubwa wa herufi kuwa 10 na `Cell Margins` kuwa `Narrow`. Ndipo uandike urefu: 0.8 kwa ile miwili ya juu na 1.0 kwa ile 12. Halafu usiamini macho. Angalia kisanduku cha `Table Size` hapohapo kwenye `Table Layout`. Kama kinasema urefu ni 13.6 na upana ni 31.8, jedwali limekaa. Kama urefu umezidi, kuna jina la kazi limekuwa refu mno, limevunjika mistari miwili na kuupanua mstari wake. Fupisha jina. "Kujaza kifusi, kushindilia na kumwaga zege la jamvi" niliandika "Kifusi na jamvi", na hakuna aliyeuliza maana yake.

Jedwali lilianzia sentimita 2.4 kutoka juu, nafasi iliyobaki hapo ikiwa ya kichwa cha habari. Mstari wa kwanza wa kazi kwa hiyo unaanzia 4.0. Mistatili niliipa urefu wa 0.5, ili ikae katikati ya mstari: wa kazi ya kwanza juu yake ni 4.25, wa pili 5.25, wa tatu 6.25, hadi wa 12 ambao ni 15.25. Kwa upande wa kulala, hesabu ni hii tu:

```
mwanzo (cm) = 8.8 + 0.25 x (namba ya siku ya kuanza - 1)
upana  (cm) = 0.25 x idadi ya siku
```

Namba ya siku ni ya kuhesabu kutoka Agosti 5, ukiruka Jumapili tu. Ukiwa na tarehe na hutaki kuhesabu kwa vidole, Excel inakupa, ikiwa tarehe iko kwenye A2:

```
=NETWORKDAYS.INTL(DATE(2024,8,5),A2,11)
```

Ile 11 ya mwisho inaiambia kwamba siku ya mapumziko ni Jumapili peke yake. Kwa Septemba 9 inarudisha 31. Sikuitoa Nane Nane kwenye hesabu hiyo kwa makusudi, kwa sababu sikukuu bado ina nafasi yake kwenye jedwali hata kama hakuna anayefanya kazi.

Tuchukue jamvi. Linaanza siku ya 17 na linachukua siku 8. Siku 16 zimepita kabla yake, ambazo ni sentimita 4.0, kwa hiyo mstatili unaanzia 12.8 na una upana wa 2.0. Ni kazi ya tatu, juu yake ni 6.25. Nachora mstatili wowote, nabofya kwa kitufe cha kulia, nachagua `Size and Position`, naandika namba nne na nimemaliza. Kwa kazi inayofuata nabonyeza Ctrl+D kupata nakala na kubadili namba. Mistatili yote inatokana na mmoja, kwa hiyo rangi, mistari ya pembeni na herufi zinafanana bila kuzigusa tena. Jambo moja la kufanya kwenye huo wa kwanza ni kuondoa alama ya `Wrap text in shape`, la sivyo neno refu ndani ya mstatili mfupi litapangwa herufi kwa herufi kwenda chini.

Mpaka hapo una mchoro safi, lakini bado una uongo ndani yake, na uongo huo ndio unaoharibu ratiba nyingi za majengo madogo. Zege linasubiriwa. Jamvi likimwagwa Jumamosi, Agosti 31, hulijengi kuta Jumatatu. Tulikubaliana na injinia siku saba za kumwagilia kabla ya kupanga tofali juu yake. Lenta ndiyo zaidi: fomu za chini yake, juu ya milango na madirisha, alitaka zibaki siku 14. Ratiba isiyoonyesha siku hizo ina nafasi tupu kati ya mistatili, na kila anayeiona nafasi tupu anaiona kama siku za kubana. Mwenye haraka ataziondoa, na hakuna kitu kwenye karatasi kinachomzuia.

Kwa hiyo kusubiri nikakupa mstatili wake, kwenye mstari uleule wa kazi, ukianzia mahali kazi inapoishia. Ndani mweupe, pembeni mstari wa vipandevipande. Sikutumia rangi hafifu kwa sababu mashine ya stationery inachapisha nyeusi na nyeupe, na kijani hafifu na bluu hafifu vikitoka huko ni kijivu kimoja. Mweusi maana yake mafundi wanafanya kazi. Mweupe maana yake zege ndilo linalofanya kazi.

Mwenyekiti wetu, mzee wa makamo aliyewahi kusimamia ujenzi wa zahanati, aliweka kidole kwenye mweupe wa jamvi siku ya kikao.

"Msimamizi, wiki hii nyeupe tunamlipa nani?"

"Mzee, tunamlipa kijana mmoja wa kumwagilia, asubuhi na jioni. Mafundi hawapo."

"Na Jumapili?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile, kwa sababu jedwali langu halina Jumapili. Siku za kazi zinahesabiwa sita kwa wiki, siku za zege zinahesabiwa saba, na hazipumziki. Siku saba za kalenda baada ya Agosti 31 zinaishia Jumamosi, Septemba 7, na Jumapili ya kwanza imo ndani. Kwenye slaidi hizo ni nafasi sita tu, sentimita 1.5, kuanzia 14.8. Siku 14 za lenta ni nafasi 12, sentimita 3.0. Ukizichora 14 kwa kufuata jina lake, kila kinachofuata kinasogea siku mbili bila sababu. Na kwa kuwa Jumapili haionekani, niliandika ndani ya mstatili mweupe maneno "maji kila siku, na J'pili", herufi ya 9. Kijana wa maji alionyeshwa maneno hayo kabla hajakubaliana bei.

Weupe wa lenta ulileta faida ambayo kwenye orodha ya kawaida isingeonekana. Lenta ilipangwa wiki ya nane, Septemba 23 hadi 28, kisha kusubiri wiki mbili. Orodha tuliyokuwa nayo mwanzo ilisema kenchi zinaanza baada ya kozi za juu na gebo kumalizika. Ukiichora hivyo, unaona weupe mrefu wa sentimita tatu, na seremala anakuja baada yake akiwa na mbao bado ghafi. Lakini kenchi zinatengenezwa chini, uwanjani, na hazihitaji lenta hata kidogo. Zinachohitaji ni vipimo vya upana wa jengo, na hivyo vinajulikana tangu msingi. Nikahamisha mstatili wa kenchi ukaanza siku moja na lenta, kwenye 19.3, upana 3.0. Wiki ya pili ya weupe, siku saba za kwanza za lenta zikiwa zimepita, mafundi wakarudi kupandisha kozi za juu. Kuezeka kukaanza Oktoba 15, mara tu baada ya Nyerere Day, na kukapangwa kuisha Oktoba 24. Kwa Morogoro hilo si jambo dogo, maana vuli ziko njiani na kuta zisizo na bati zinaharibika.

Sikukuu niliziweka kama ukanda mwembamba wa kijivu unaoshuka kwenye mistari yote 12, upana wa siku moja, yaani 0.25. Nane Nane ilikuwa siku ya nne, ukanda ukaanzia 9.55. Nyerere Day ilikuwa siku ya 61, ukaanzia 23.8. Maulidi ilitarajiwa katikati ya Septemba na hutegemea mwandamo, kwa hiyo ukanda wake nikaupa mstari wa nukta. Kazi inayopita juu ya ukanda lazima irefushwe siku moja. Kupima na kuchimba msingi kulikuwa kazi ya siku tano, ila mstatili wake una upana wa siku sita.

Rangi ndiyo iliyotuletea majadiliano marefu. Kamati ilitaka madarasa yakabidhiwe yakiwa yamepakwa, Novemba 23. Plasta ingeanza Oktoba 25, bati zikiwa zimekaa, na kumalizika Novemba 5. Plasta ya saruji ikipakwa rangi ikiwa bado na unyevu, rangi inafanya malengelenge na kubanduka, na unyevu ukitoka unaacha mabaka meupe ya chumvi. Wiki nne ndizo tulizokubaliana na injinia. Nikachora weupe wa wiki nne mbele ya plasta. Siku 28 za kalenda ni nafasi 24, sentimita 6.0. Plasta inaishia 28.8. Weupe unaishia 34.8, na slaidi yenyewe inaishia 33.87.

Sikuubana. Niliuacha utoke nje ya jedwali mpaka ukingo wa karatasi, mbele ya kamati nzima, na mjadala ukawa mfupi. Mwalimu mkuu ndiye aliyesema madarasa yanahitajika Januari shule zikifunguliwa, si Novemba. Kwenye toleo la mwisho niliukata weupe kwenye 32.8, na kwenye mstari wa rangi nikaweka umbo la mshale uitwao `Arrow: Pentagon` ukielekea kulia, umeandikwa "Rangi: kuanzia Desemba 4". Milango, madirisha na sakafu vikabaki ndani ya Novemba kama ilivyokuwa.

Ratiba iliyochorwa kwa namba inaonyesha thamani yake siku inapovurugika, na yetu ilivurugika mapema. Malori ya mawe yalichelewa, msingi uliopangwa kuisha Agosti 22 ukaisha Agosti 26. Kwa kalenda ni siku nne, ila kwa jedwali ni tatu, kwa kuwa Jumapili haihesabiwi: mpango ulikuwa siku ya 16, Alhamisi 22, na tukamaliza siku ya 19. Hapa formula ya Excel inasaidia kuliko kumbukumbu.

Slaidi ya kwanza haiguswi. Naifanyia nakala kwa `Duplicate Slide`, naandika juu "Toleo la 2, Agosti 26", kisha kwenye nakala mistatili ya zamani naipunguza urefu kuwa 0.12 na kuishusha chini kabisa ya mstari wake, kijivu. Inabaki kama kivuli cha mpango wa mwanzo, na kila mtu anaona tumetoka wapi. Mistatili mipya naisogeza kwa pamoja. Kama umeingia `Grid Settings` kwenye kichupo cha `View`, ukaweka nafasi kuwa sentimita 0.25 na kuwasha `Snap objects to grid`, unachagua mistatili yote inayohusika na kubonyeza mshale wa kulia wa kibodi mara tatu. Kila mbonyezo ni siku moja. Baada ya hapo bofya mmoja na uangalie `Horizontal position` yake: jamvi lilikuwa 12.8, sasa lisomeke 13.55. Usivute kwa kipanya, kwa sababu gridi ya slaidi haianzii kwenye 8.8 yako. Na usichague mistatili mingi kisha ukaandika namba moja ya mwanzo, kwani yote itarundikana mahali pamoja.

Swali la maana ni ipi isogee. Mistatili ya jamvi, kuta, lenta, kozi za juu na kuezeka inafuatana, yote ilisogea. Ya kenchi haikusogea, maana seremala hategemei msingi. Bila kufanya lolote, bati zingemalizika siku ya 73, Oktoba 28. Tukaangalia pa kurudisha siku. Mistatili myeupe hairuhusiwi kufupishwa, na ndiyo sababu ya kuichora tofauti: katika kikao kile hakuna aliyependekeza kuibana. Ilibaki ya kuta, siku 12. Fundi mkuu akakubali kuongeza fundi mmoja na saidia fundi wake, zikawa 10. Upana kutoka 3.0 hadi 2.5, na vinavyofuata vikarudi kushoto mibonyezo miwili.

Kozi za juu zilipotua mahali papya, Oktoba 8, siku zake sita zikavuka ukanda wa Nyerere Day. Kwenye orodha ya tarehe hilo lingepita bila kuonekana. Kwenye slaidi mstatili ulikuwa umekaa juu ya kijivu, nikaurefusha kutoka 1.5 hadi 1.75. Kuezeka kukaanza Oktoba 16 na mwisho wake ukawa Oktoba 25, siku moja tu nyuma ya mpango.

Kuhusu kulihifadhi faili: PowerPoint hairuhusu jedwali kuunganishwa na maumbo kwa `Group`. Mtu akifungua faili na kulisogeza jedwali kidogo tu, mistatili inabaki ilipokuwa na ratiba nzima inasema uongo kwa siku mbili tatu, huku ikionekana nadhifu. Fungua `Selection Pane` kwa Alt+F10, uvipe vitu majina ("03 jamvi kazi", "03 jamvi maji"), na kama toleo lako lina alama ya kufuli, lifunge jedwali. Kwenye kundi la WhatsApp tuma picha, kwenye stationery peleka PDF. Faili lenyewe likae kwa mtu mmoja. Kompyuta ya stationery mara nyingi haina herufi ulizotumia. Ikiweka nyingine pana zaidi, majina ya kazi yanavunjika mistari miwili, jedwali linarefuka, na unarudi kwenye ile sentimita 13.6 isiyotimia.

Nakala ya ukutani tuliichapisha kwa A3. Fundi mkuu alikuwa akipiga mstari wa kalamu nyekundu kila Jumamosi jioni, kutoka juu hadi chini, mahali wiki ilipoishia. Ningeweza kuuchora mstari huo kwenye slaidi, hesabu yake ni ileile, lakini wa kalamu uliwekwa na yule anayejenga, na kila aliyeingia ofisini alijua tarehe hiyo mikono ya nani imeithibitisha.